Nyota Hafifu na Kioo Chenye Haraka

Juu ya mlima Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, kuna darubini nne zenye vioo vya kipenyo cha mita 8.2 kila kimoja. Mahali pale pako mita 2635 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu na tulivu kuliko karibu kwingine kote duniani. Hata hivyo haitoshi. Kioo cha ukubwa ule kikitazama mwanga wa infraredi kinaweza, kwa sheria za fizikia, kutenganisha nyota mbili zilizokaribiana kiasi cha sehemu 6 kwa 100 za sekunde ya pembe. Nyuzi moja ina sekunde 3600 za namna hiyo. Lakini kabla mwanga haujafika kwenye kioo hupita angani, kwenye mafungu ya hewa yenye joto tofauti yanayopeperushwa na upepo, na picha huvurugika na kusambaa mara kumi au zaidi ya kiwango hicho. Ndiyo maana nyota humetameta. Kwetu chini ni jambo la kupendeza. Kwa mnajimu ni hasara ya karibu uwezo wote alioulipia.

Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock alipendekeza dawa. Alisema tupime uvurugikaji huo papo hapo, kisha tukunje kioo kidogo kwa namna iliyo kinyume chake, ili mawimbi ya mwanga yanyooke tena. Teknolojia ya wakati wake haikuweza. Ilichukua miongo kadhaa mpaka zikapatikana kamera na kompyuta za kutosha. Leo darubini kubwa nyingi zina mfumo huo. Kamera maalumu, inayoitwa kihisi cha mawimbi, hutazama nyota moja ya kuongozea. Kompyuta husoma kihisi hicho mamia ya mara kwa sekunde, wakati mwingine mara elfu moja, na kila mara huamuru kioo laini kibadilike umbo au kiinamie upande fulani. Mwanga uliokwisha kurekebishwa ndio unaorudi kwenye kihisi, hivyo kihisi huona kosa lililobaki tu. Huo ni mzunguko usiokatika: pima, rekebisha, pima tena. Wahandisi huuita kitanzi cha mrejesho.

Mtu akisikia habari hii mara ya kwanza hujiuliza swali moja la maana: kwa nini kompyuta isirekebishe kosa lote mara moja, kwa nguvu zote, kila inapoliona? Jibu lake limo katika herufi mbili, S na T, na katika mlingano mfupi kuliko yote ninayoijua katika uhandisi wa udhibiti. Nitaueleza kupitia kazi moja ndogo ya mfumo huu: kutuliza picha ya nyota inayoyumba upande hadi upande.

Kinachoiyumbisha picha ni upepo unaotikisa darubini, pamoja na hewa yenyewe. Tuuite usumbufu, na tuuandike d. Hiki ndicho adui anayeonekana. Adui wa pili amejificha ndani ya kihisi. Mwanga huja kwa chembechembe, fotoni moja moja, na idadi ya fotoni zinazoingia katika elfu moja ya sekunde haifanani na ile ya elfu inayofuata. Nyota angavu huleta nyingi kiasi kwamba tofauti hiyo haionekani. Nyota hafifu huleta chache, na hapo kihisi huapa kwamba picha imesogea kulia wakati haijasogea popote. Uongo huu usio na nia tunauita kelele, na tunauandika n.

Tofauti ya maadui hawa wawili ni ya msingi. Usumbufu ni wa kweli, picha imesogea kweli, na kurekebisha ni halali. Kelele si ya kweli. Ukiirekebisha, wewe mwenyewe ndiye unayeisogeza picha. Na kihisi hakina namna ya kuzitofautisha. Kinatoa nambari moja tu, yenye vyote viwili ndani yake.

Sasa tuangalie kompyuta inavyoamua. Kanuni inayotumika sana kwenye darubini ni nyepesi: amri mpya ya kioo ni amri ya zamani kuongeza sehemu fulani ya kosa lililopimwa. Sehemu hiyo huandikwa g, na ndiyo nguvu ya marekebisho.

```
u_mpya = u_zamani + g * kosa
```

Tuchukue kitanzi kinachofanya kazi mara 1000 kwa sekunde, chenye uchelewaji wa hatua mbili: moja ya kukusanya mwanga, moja ya kusoma kamera na kukokotoa. Kwa hiyo kioo husogea elfu mbili za sekunde baada ya tukio. Mfumo wa namna hii hubaki tulivu mradi g iwe chini ya 1. Ikifika hapo huanza kuyumba wenyewe bila kukoma. Kati ya sifuri na 1, mwendeshaji yuko huru kuchagua, na uhuru huo ndio mtihani wake.

Tuseme upepo unatikisa darubini mara 10 kwa sekunde. Ukiweka g kuwa 0.1, hesabu inaonyesha kwamba asilimia 56 ya mtikisiko hubaki kwenye picha. Ukiweka 0.5, hubaki asilimia 13. Ukiweka 0.8, hubaki asilimia 8. Uwiano huu kati ya kinachobaki na kilichokuwepo ndio S, fanksheni ya uathirikaji. Inatuambia, kwa kila kasi ya mtikisiko, picha inaathirika kiasi gani na usumbufu wa nje baada ya kitanzi kufanya kazi yake. S ikiwa ndogo, usumbufu umezimwa. S ikiwa 1, ni kana kwamba kitanzi hakipo. Neno fanksheni lipo hapa kwa sababu S si nambari moja. Hubadilika kadiri mtikisiko unavyokuwa wa polepole au wa haraka.

Mpaka hapa kila kitu kinasukuma upande mmoja: ongeza g. Vitabu vingi vya mwanzo huishia hapo, na mimi naona wanawakosea wasomaji, kwa kuwa nusu ya habari bado haijasemwa.

Nusu hiyo ni T, fanksheni jalizi ya uathirikaji. T inatuambia ni sehemu gani ya kelele ya kihisi inayohamia kwenye picha yenyewe kupitia kioo. Ukiziweka pamoja, kosa halisi lililobaki kwenye picha, tukiliita e, ni hili:

```
e = S·d − T·n
S + T = 1
```

Mstari wa pili ndio mlingano niliousema. Hautokani na udhaifu wa kamera wala kompyuta. Unatokana na ukweli kwamba kitanzi kina njia moja tu ya kuujua ulimwengu, yaani kihisi kile kile kimoja. Ukikiamini kihisi sana, unafuta usumbufu na unameza kelele. Usipokiamini, kelele haiingii, lakini usumbufu unabaki. Katika kasi moja ya mtikisiko huwezi kuwa na S ndogo na T ndogo kwa pamoja, maana jumla yake ni 1, usiku na mchana, kwa darubini hii na kwa mtambo mwingine wowote wa mrejesho wa aina hii.

Turudi kwenye mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde wenye g ya 0.5. S yake ilikuwa kama 0.13. T yake, ukiikokotoa, ni 1 kamili kwa karibu sana. Maana yake ni kwamba sehemu yote ya kelele iliyo katika kasi hiyo inahamia kwenye picha bila kupunguzwa hata kidogo. Kioo kinafuata uongo wa fotoni kwa uaminifu ule ule kinaofuatia upepo.

Sasa tupime gharama kwa nyota mbili. Tuseme upepo unayumbisha picha kwa vizio 100 kwa wastani. Nyota ya kwanza ni angavu, na kelele ya kihisi chake ni vizio 5. Kwa kelele ya fotoni, iliyotawanyika sawasawa katika kasi zote, kitanzi chetu hupitisha asilimia 24 ya ukubwa wake g ikiwa 0.1, asilimia 77 g ikiwa 0.5, na asilimia 160 g ikiwa 0.8. Ndiyo, asilimia 160: kwa nguvu kubwa hivyo kitanzi hutoa kelele nyingi kuliko iliyoingia. Lakini asilimia 160 ya vizio 5 ni vizio 8 tu. Kwa kuwa upepo na kelele havihusiani, tunavijumlisha kwa kanuni ya Pithagorasi, yaani kila kimoja kipeo cha pili, jumla, kisha kipeuo. Kwa g ya 0.8 kosa lote ni takriban vizio 11. Kwa g ya 0.1 ni 56. Nyota angavu inaruhusu haraka, na anayesita ndiye anayepoteza.

Nyota ya pili ina mwanga mdogo mara 400. Kelele ya fotoni hukua kwa kipeuo cha pili cha upungufu wa mwanga, kwa hiyo imekuwa kubwa mara 20: vizio 100. Upepo haujabadilika. Mwendeshaji akiacha g kwenye 0.8, upepo unachangia vizio 8 tu, lakini kelele inachangia 160. Picha inayumba zaidi kuliko kama angeuzima mfumo wote na kwenda kulala, maana bila kitanzi ingeyumba kwa 100. Akishusha hadi 0.5 anapata kama 78. Akishuka mno, kwenye 0.1, kelele inatulia kuwa 24 lakini upepo unarudi kuwa 56, na jumla ni 61. Pahali pazuri ni katikati: kwa g ya 0.2 upepo unaacha 31, kelele inaleta 37, na jumla ni 48. Nimejaribu pia 0.3, nikapata 53 na ushei. Huo ndio mwafaka wenyewe, na hakuna fundi atakayeshuka chini ya bonde hilo kwa kubadilisha g peke yake.

Ona kwamba pale penye matokeo bora, maadui wote wawili bado wapo, na kila mmoja ana kiasi kinacholingana na cha mwenzake. Anayeona upepo bado unaonekana kwenye kipimo hushawishika kuongeza nguvu. Anayeona kioo kinatetemeka hushawishika kuipunguza. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wataharibu.

Kuna hatari nyingine hapa. Skrini ya mwendeshaji huonyesha kile kihisi kinachokiona, na kihisi hakioni kosa halisi. Kinaona S·(d + n). Linganisha na mlingano wetu wa juu: kwenye picha halisi kelele inazidishwa na T, kwenye skrini inazidishwa na S. Katika mitikisiko ya polepole, ambako S ni ndogo na T ni karibu 1, skrini inaonyesha utulivu mzuri, mstari uko chini kabisa. Sababu ni kwamba kioo kimesogezwa mpaka usomaji wa kihisi ukawa sifuri, na usomaji huo una uongo ndani yake. Picha imesogezwa kwa kiasi kile kile cha uongo, na skrini haiwezi kulisema jambo hilo.

Jinsi ya kugundua ni kutafuta shahidi wa pili. Darubini inaye: kamera ya sayansi, ile inayopiga picha ya kitu kinachochunguzwa. Kelele ya kihisi cha mawimbi haimo ndani ya kamera hiyo, kwa hiyo ukali wa nyota kwenye picha yake ni hukumu ya kweli. Njia nyingine ni kupima kelele kabla ya kufunga kitanzi. Kioo kinaachwa kimetulia, kihisi kinarekodiwa kwa muda, na rekodi inachambuliwa kwa kasi za mtikisiko. Usumbufu wa hewa na upepo huwa mkubwa katika kasi ndogo na hupungua upesi kadiri kasi inavyopanda. Mwisho wake mstari hulala bapa. Ubapa huo ni kelele ya kihisi, na urefu wake ndio n unayoitafuta. Pale ambapo mteremko wa usumbufu unakutana na ubapa wa kelele ndipo kitanzi kinapopaswa kuanza kuachilia.

Wafaransa Gendron na Léna walilipeleka wazo hilo mbele mwaka 1994. Badala ya kutumia g moja kwa kioo kizima, waligawanya uvurugikaji katika maumbo: kuyumba kwa picha nzima, kutoka nje ya fokasi, na mikunjo midogo zaidi na zaidi. Maumbo makubwa hubeba sehemu kubwa ya uvurugikaji wa hewa, kwa hiyo yanastahili g kubwa. Mikunjo midogo hubeba kidogo, ilhali kelele yake haipungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo yanapewa g ndogo. Kila umbo linapata imani linayostahili, na g huhesabiwa kwa nyota iliyopo na hewa ya usiku ule. Nadhani hilo ni mojawapo ya matumizi safi kabisa ya mlingano wa S na T: unakubali kwamba huwezi kuushinda, kisha unauuliza swali lake mara nyingi, kila mara mahali tofauti.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba S ni ndogo au ni 1. Ukweli una ukali zaidi. Chukua tena g ya 0.5 na upime S kasi moja baada ya nyingine. Kwa mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde ni 0.13. Inapanda polepole mpaka inafika 1 kwenye mitikisiko kama 67 kwa sekunde. Haisimami hapo. Inaendelea kupanda mpaka 2.2 kwenye mitikisiko 140 kwa sekunde. Yaani usumbufu wa kasi hiyo hautulizwi, wala hauachwi ulivyo. Kitanzi kinauongeza zaidi ya maradufu.

Sababu ni uchelewaji. Mtikisiko wa mara 140 kwa sekunde hukamilisha mzunguko mmoja katika muda wa elfu 7 za sekunde. Elfu mbili za kuchelewa ni zaidi ya robo ya mzunguko huo, na kanuni ya kuongeza kidogokidogo huchelewesha karibu robo nyingine. Marekebisho yanapofika, picha imekwisha kugeukia upande wa pili, na msukumo uliokusudiwa kuirudisha unaisukuma mbele. Katika kasi hiyo hiyo T nayo ni 1.3. Msomaji makini atauliza: S ya 2.2 na T ya 1.3 zinawezaje kujumlisha kuwa 1? Zinaweza kwa kuwa S na T zina ukubwa na pia zina wakati wake ndani ya mzunguko, kama mishale yenye urefu na mwelekeo. Mishale miwili mirefu inayoelekea pande zinazokinzana huweza kujumlisha kuwa mshale mfupi. Kwa hiyo mlingano hautoi ahadi kwamba kimoja kikiwa kibaya kingine kitakuwa kizuri. Katikati, kati ya mitikisiko ya polepole na ile ya haraka, vyote viwili vinaweza kuwa vibaya kwa pamoja.

Hendrik Bode wa maabara za Bell, aliyefanyia kazi vikuza sauti vya simu, alithibitisha jambo hili kwa hesabu katika kitabu alichochapisha mwaka 1945. Ukichora logi ya S dhidi ya kasi ya mtikisiko, eneo lililo chini ya mstari wa sifuri, ambako usumbufu umepunguzwa, halitolewi bure. Kwa mfumo kama wetu, ambao mtambo wake wenyewe hauna tabia ya kutoroka, eneo la juu lazima lilingane nalo. Mwaka 1989, katika mhadhara aliopewa heshima ya jina la Bode huko Tampa, Florida, mhandisi Gunter Stein alimfananisha msanifu wa vitanzi na mchimba shimo: udongo anaoutoa mahali pamoja lazima aurundike mahali pengine. Anachoweza kuamua ni wapi aurundike na kwa urefu gani. Kitanzi chetu kikiwa na g ya 0.8, shimo la mitikisiko ya polepole linakuwa refu, na udongo wake unarundikana karibu na mitikisiko 155 kwa sekunde, ambako S inafika kama 5.7. Kwa kazi za kawaida wahandisi wengi hawapendi kilele cha S kipite 2, na sababu yao ni ya usalama: kilele kirefu maana yake mfumo uko karibu na kuyumba wenyewe, na badiliko dogo la mtambo linaweza kuumalizia.

Kama hakuna kitu kinachotikisika pale ulipo mrundiko, hasara ni ndogo. Shida hutokea kikiwepo. Kifaa cha GPI, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2013 kwenye darubini ya Gemini Kusini huko Cerro Pachón nchini Chile, kilitengenezwa ili kupiga picha za sayari zinazozunguka nyota nyingine. Kitanzi chake kilikimbia mara 1000 kwa sekunde. Ndani yake mlikuwa na mashine za kupooza zilizofanya vihisi vyake viwe baridi, na mashine hizo zilileta mtetemo wa mara 60 kwa sekunde. Sasa tazama kitanzi chetu cha mfano chenye g ya 0.2, ile tuliyoipongeza kwa nyota hafifu: kwa mtetemo wa mara 60 kwa sekunde S yake ni 1.18. Kingeongeza mtetemo huo kwa asilimia 18 badala ya kuupunguza. Ndiyo maana nyota ileile na g ileile zinaweza kuleta picha nzuri kwenye darubini moja na mbaya kwenye nyingine. Tofauti iko kwenye mashine iliyofungwa pembeni.

Kwenye GPI waliongeza ndani ya kompyuta kielelezo cha mtetemo huo, ili kitanzi kijue kwamba pana kitu kinachorudia mara 60 kwa sekunde na kukitabiri badala ya kukifuata kwa kuchelewa. S ikashuka pale pale, katika upana mdogo sana wa kasi. Bode hakukanushwa: udongo wa shimo hilo jembamba uliwekwa pembeni yake, ambako hapakuwa na mtetemo wa kudhuru. Na mashine za kupooza zenyewe zilishughulikiwa zitikise kidogo zaidi. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo dawa inayopaswa kufikiriwa kwanza kila inapowezekana, kwa sababu kupunguza d hakugusi S wala T, na hakumdai mtu yeyote chochote mahali pengine.

Kwa mantiki hiyo hiyo mtu anaweza kushambulia n. Nyota ikiwa hafifu, mwendeshaji anaweza kuipunguzia kamera kasi kutoka picha 1000 hadi 250 kwa sekunde. Kila picha inakusanya mwanga mara nne, na kelele inapungua nusu. Lakini uchelewaji nao umekuwa mara nne, na mrundiko uliokuwa kwenye mitikisiko 140 kwa sekunde umehamia 35, mahali ambapo upepo na mitetemo ya jengo vipo kwa wingi. Wakati mwingine inalipa, wakati mwingine hailipi, na ni rekodi ya usumbufu wa usiku ule peke yake inayoweza kusema.

Njia nyingine ni kuchagua nyota bora. Wanajimu waliofuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu, kazi iliyowapatia Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2020, walikutana na tatizo hili moja kwa moja. Katikati ya galaksi kumefunikwa na vumbi, na katika mwanga wa kawaida hakuna nyota angavu ya kuongozea iliyo karibu. Huko Paranal kifaa cha NACO kilikuwa na kihisi cha mawimbi kinachoona infraredi, ambayo hupenya vumbi, na kiliongozwa na nyota iitwayo IRS 7, iliyo kama sekunde 6 tu za pembe kutoka shimo lenyewe.

Na pale ambapo hakuna nyota, hutengenezwa. Tangu 2016 darubini ya nne ya Paranal, iitwayo Yepun, hurusha miale minne ya leza ya rangi ya machungwa, kila mmoja wa wati 22. Miale hiyo huwasha atomi za sodiamu zilizo kama kilomita 90 juu yetu na kuunda nyota bandia nne. Mwanga wake unatosha, kelele ya kihisi inashuka, na g inaweza kupanda kwa maumbo mengi ya uvurugikaji. Lakini leza hupanda na kushuka kwa njia ileile, hewa inaiyumbisha inapokwenda na kuirudisha inaporudi, kwa hiyo haiwezi kueleza picha nzima imeyumba upande gani. Kuyumba huko bado hupimwa kwa nyota ya kweli, mara nyingi iliyo hafifu, na g yake bado huchaguliwa kwa kulinganisha S na T za usiku huo.